Matokeo Makuu na Yaliyobainika

Fungua ripoti yoyote ya maoni ya wateja iliyoandikwa kwa ajili ya menejimenti, na kwenye ukurasa wa kwanza utakuta kichwa cha habari "Matokeo Makuu". Chini yake zimepangwa asilimia: waliosema ndiyo, waliosema hapana, wasiojua. Kichwa hicho kimekusudiwa kubeba kile ambacho wataalamu wa utafiti hukitenga na majibu yenyewe, yaani jambo ambalo mchambuzi yuko tayari kulisimamia mbele ya kikao baada ya kuyalinganisha majibu. Neno "matokeo" halitofautishi vitu hivyo viwili. Hesabu ya waliojibu "ndiyo" ni matokeo, na maana iliyopatikana kutokana nayo nayo tunaiita matokeo.

Wakaguzi wa hesabu walishalitatua jambo hili bila kelele. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hupenda kitenzi "kubaini", na kwa kitenzi hicho mkaguzi anajifunga: alichobaini lazima akionyeshe kwa ushahidi. Kwa hiyo napendekeza hesabu zibaki kuitwa matokeo, na kile kinachowekwa mbele ya menejimenti kiitwe "mambo makuu yaliyobainika", au kwa kifupi "yaliyobainika". Kivumishi "makuu" nacho kisitumike ovyo. Mtu anayependa makuu tunamjua, na zipo ripoti za namna hiyo, zenye mambo makuu kumi na manane.

Tofauti hii inaonekana vizuri katika kazi ndogo. Tuchukue kata ya Sepuka, wilaya ya Ikungi mkoani Singida, na tubuni utafiti wa huduma ya maji. Tangu Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019 ilipounda RUWASA, miradi ya maji vijijini husimamiwa na vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii. Chombo kina uongozi wake, kinakusanya fedha kwenye vilula na kulipia uendeshaji wa pampu, na kinawajibika kwa meneja wa RUWASA wa wilaya. Wanaochota maji ni wateja kwa maana kamili ya neno hilo: wanalipia kila ndoo.

Tuseme chombo kimezihoji kaya 120, na takwimu zote zinazofuata ni za mfano tu. Kaya 78, yaani asilimia 65, zimesema zimeridhika. Kaya 46 zimelalamika kwamba maji ni ghali. Mwandishi mwenye haraka ataishia hapo: yaliyo makuu ni kwamba wengi wameridhika ila bei iko juu, na pendekezo ni kupunguza bei. Kikao kikikubali, mapato ya kilula yatashuka, fedha ya kutengeneza pampu itapungua, na malalamiko yatabaki palepale.

Sababu ya kubaki inaonekana kwenye swali jingine la dodoso: "Katika siku saba zilizopita, ulikuta kilula kimefungwa mara ngapi, saa ngapi, na siku hiyo ulipata wapi maji?" Mchambuzi akiyaweka majibu ya maswali haya mawili pamoja, sura inabadilika. Kati ya wale 46 waliosema maji ni ghali, 37 walikuta kilula kimefungwa mara mbili au zaidi, wakanunua ndoo kwa wauza maji wa baiskeli. Kati ya kaya 74 zisizolalamikia bei, zilizokutwa na hali hiyo ni 9 tu. Ndoo ya kilulani ni shilingi 50 katika mfano wetu, na ya baiskeli ni 300. Bei inayowaumiza watu hawa haikupangwa na chombo. Wanailipa kwa sababu msimu wa mavuno ya alizeti wanatoka shambani jioni, na mhudumu wa kilula ameshafunga.

Sasa kuna jambo lililobainika, nalo linaandikika kwa sentensi mbili: "Malalamiko ya bei yanatoka hasa kwa kaya zinazokuta kilula kimefungwa jioni na kununua maji kwa wachuuzi (37 kati ya 46). Kwa kaya zinazokipata kilula wazi, bei si tatizo kubwa." Hesabu imo ndani ya sentensi, na mjumbe wa kikao anaweza kuihoji.

Akiwa makini ataihoji kwa njia mbili. Kwanza atauliza nani aliulizwa. Dodoso likijazwa kilulani saa tatu asubuhi, waliokosa maji jioni hawamo. Likifanywa kwa simu, wasio na simu hawamo. Ndiyo maana Twaweza, ilipoanzisha utafiti wake wa Sauti za Wananchi kwa njia ya simu, ilizigawia kaya zilizochaguliwa simu na chaja za sola. Kwa Sepuka njia rahisi ni kuchukua orodha ya kaya kwa kila kitongoji na kuchagua kwa bahati nasibu. Hata hivyo, kwa kaya 120 ile asilimia 65 inaweza kuwa popote kati ya 56 na 74 hivi, kwa hiyo ikifika 68 mwaka ujao msishangilie.

Pili atauliza nani aliuliza. Mgeni akija nyumbani na daftari, halafu akawa mjumbe wa chombo chenyewe, jibu la kiungwana ni "tunashukuru". Neno "kuridhika" kwetu limekaa karibu mno na kushukuru. Ndiyo maana swali la mara ngapi kilula kilikutwa kimefungwa lina thamani kuliko swali la kuridhika: linauliza tukio, na tukio halina adabu ya kulinda.

Linabaki neno "mapendekezo". Katika ripoti nyingi sehemu hii ni orodha ya matumaini: huduma iboreshwe, elimu itolewe. Istilahi inayofaa hapa ni "hatua zinazopendekezwa", maana hatua inadai mtu wa kuipiga. Kwa mfano wetu: wahudumu wa vilula viwili vya mbali wafungue saa 12 hadi saa 3 asubuhi na saa 10 jioni hadi saa 1 usiku, katibu wa chombo asimamie, majaribio yaanze kwenye kilula kimoja kwa mwezi mmoja. Kipimo ni dira ya maji ya kilula hicho, isomwe saa 10 jioni na wakati wa kufunga, kisha maji yaliyouzwa kwa siku nzima yalinganishwe na ya mwezi uliotangulia. Majaribio yanahitajika kwa sababu jedwali limeonyesha mambo mawili yanayokwenda pamoja, halijathibitisha kwamba moja linasababisha jingine. Pengine wauza maji wa baiskeli wana wateja wao wa mkopo ambao hawatahama hata kilula kikikesha wazi.

Pendekezo pia lisichanganywe na azimio. Pendekezo ni la mwandishi wa ripoti. Azimio ni la kikao, na huingia kwenye muhtasari likiwa na jina la mhusika na tarehe. Mwandishi anayeandika "imeazimiwa" kabla kikao hakijakaa amewanyang'anya wajumbe kazi yao, na wengi watalikataa hilo kwa hasira hata kama hoja ni nzuri. Amwachie mwenyekiti neno hilo, na dodoso zima aliambatishe mwisho wa ripoti, maswali yakiwa kama yalivyoulizwa.