Vijiraba kama vya drafti kwenye picha: vina maana gani?

Umefungua picha kwenye programu ya kuhariri picha, ukafuta ukuta ulio nyuma ya mtu. Mahali pa ukuta panatokea vijiraba vya kijivu na vyeupe, kama ubao wa drafti. Wengi hudhani picha imeharibika. Haijaharibika.

Picha ya simu imeundwa kwa vidoa vidogo sana viitwavyo pikseli. Kila pikseli hubeba namba tatu za rangi: nyekundu, kijani na bluu. Picha inayoweza kuwa na sehemu tupu huongeza namba ya nne, inayosema rangi hiyo ionekane kwa kiasi gani. Kwa kawaida namba hiyo ni kati ya 0 na 255. Ikiwa 255, rangi huonekana yote. Ikiwa 0, haionekani kabisa, na kilicho nyuma yake ndicho kinachoonekana. Ukifuta, programu hushusha namba hiyo hadi 0.

Lakini skrini ni lazima ionyeshe rangi fulani. Programu ikiweka nyeupe, utadhani pana rangi nyeupe. Ndiyo maana huweka vijiraba nyuma ya picha, kukwambia kwamba hapo ni patupu. Fikiria kitambaa chenye tundu kilichotandikwa mezani. Kwenye tundu unaiona meza, lakini meza si sehemu ya kitambaa. Vijiraba navyo si sehemu ya picha yako.

Tuchukue mfano. Kikundi cha kuweka akiba kinataka nembo yake ichapwe kwenye fulana za kijani. Katibu amefuta weupe unaoizunguka nembo, na vijiraba vimetokea. Akihifadhi faili la PNG, namba ya nne inabaki, na ukijani wa fulana utaonekana kuizunguka nembo. Akihifadhi JPG, faili hilo halina nafasi ya namba ya nne, hivyo patupu hujazwa rangi, mara nyingi nyeupe au nyeusi. Akipiga picha ya skrini, mambo ni mabaya zaidi: vijiraba sasa vimekuwa rangi halisi, na fundi atavichapa kwenye fulana.

Hata PNG nzuri huharibika ikitumwa WhatsApp kama picha ya kawaida, kwa kuwa hugeuzwa kuwa JPG. Itume kama faili, kwa kugusa Document.

Kabla ya kumlipa fundi, jaribu hivi. Kwenye programu ya kuhariri, weka nembo juu ya picha nyingine yenye rangi, kisha isogeze. Vijiraba vikipotea, nembo iko sawa. Vikibaki na kusogea pamoja na nembo, vimeshakuwa sehemu ya picha. Tafuta faili la awali ufute upya.