Mtaji wa mmiliki na mkopo katika vitabu vya biashara

Fedha inayoingia katika biashara pasipo kuuzwa chochote huwa na asili mbili kuu: ama mwenye biashara ameitoa mfukoni mwake, ama mtu mwingine ameikopesha. Ya kwanza ni mtaji, ya pili ni deni. Zikiwa ndani ya droo, noti hazitofautiani. Tofauti yake hubaki kwenye daftari peke yake, na ndiyo maana kila moja hufunguliwa ukurasa wake tangu siku ilipoingia.

Kinachozitenganisha ni ahadi ya kurudisha. Swali la kujiuliza ni hili: biashara ikipata hasara mwaka mzima, fedha hii bado italazimika kulipwa? Mkopo wa SACCOS au wa kikoba hulipwa hata duka likifungwa. Mtaji hauna tarehe ya marejesho wala riba. Mwenye nao hupata kinachobaki baada ya wadai wote kulipwa, na pengine hapati kitu. Kwa hiyo hesabu ya mali ya biashara husomwa hivi: mali zote, ukitoa madeni, ndiyo haki ya mmiliki.

Chukua mfano wa kubuni wa mshonaji mwenye karakana Morogoro. Alianza Januari na cherehani za shilingi 3,500,000 na taslimu 1,500,000, vyote vyake, yaani mtaji wa 5,000,000. Aprili kazi ilipolegea aliongeza 2,000,000 kutoka akiba yake ya nyumbani. Julai alikopa 3,000,000 SACCOS kwa miezi kumi na miwili, akaongezea fedha iliyokuwapo na kununua mashine ya kudarizi ya 4,000,000. Mwaka mzima wateja walimlipa 14,000,000. Vitambaa, pango na mishahara vilikula 11,875,000. Alichukua pia 900,000 za karo ya watoto.

Mwisho wa mwaka alijumlisha yote yaliyoingia, akapata 19,000,000. Akatoa yote yaliyotoka isipokuwa bei ya mashine, yakiwamo marejesho ya mkopo na ile karo, jumla 14,150,000. Akajiona ana faida ya 4,850,000 na kuanza kutafuta fremu ya pili.

Faida hiyo haikuwapo. Ndani ya milioni 19 kuna akiba yake mwenyewe na fedha ya SACCOS, na hakuna mteja aliyelipia hata shilingi moja ya hizo. Marejesho nayo yana sehemu mbili. Kwa riba ya asilimia 1 kwa mwezi juu ya salio, rejesho la kwanza la Agosti lilikuwa 280,000: shilingi 250,000 zilipunguza deni, na 30,000 tu ndizo zilikuwa gharama ya kukopa. Hadi Desemba alikuwa ameshalipa 1,250,000 za deni lenyewe na riba ya 125,000. Karo si gharama ya karakana hata kidogo. Ni mmiliki kupunguza haki yake. Mauzo ya 14,000,000, ukitoa gharama za 11,875,000 na riba ya 125,000, huacha faida ya 2,000,000, kabla ya kuhesabu uchakavu wa mashine.

Sasa mizania inakaa sawa. Mashine za 7,500,000 na taslimu 2,350,000 ni mali ya 9,850,000. SACCOS bado inadai 1,750,000. Haki ya mmiliki ni 8,100,000, na inaweza kuthibitishwa kwa njia ya pili: mtaji wa 5,000,000, nyongeza ya 2,000,000, faida ya 2,000,000, ukitoa 900,000 alizochukua. Njia mbili zikifika kwenye jumla moja, mwandishi wa vitabu anaweza kulala.

Kosa la kinyume nalo lipo, na halionekani upesi kwa sababu jumla ya mali haibadiliki. Lau zile milioni 2 za Aprili zingeandikwa kama mkopo, madeni yangesomeka 3,750,000 na haki ya mmiliki 6,100,000. Ofisa mikopo angeona karakana inayodaiwa zaidi ya nusu ya mtaji wake, wakati hali halisi ni chini ya robo. Mshonaji angenyimwa mkopo kwa sababu ya deni ambalo hakuna anayelidai.

Dalili ya kwanza ya fedha ya mmiliki kupotea njiani huonekana kwenye daftari la fedha taslimu. Siku fulani salio linakwenda chini ya sifuri: daftari linasema droo ina hasi 180,000. Droo haiwezi kuwa na noti hasi. Mara nyingi maana yake ni kwamba mwenye duka aliongeza fedha yake bila kuiandika, ingawa mauzo yaliyosahauliwa huleta dalili hiyohiyo. Njia nyingine inayoficha mtaji ni malipo ya moja kwa moja: mzigo umefika jioni, duka halina kitu, mwenye duka anamlipa msambazaji kwa simu yake binafsi. Fedha haikupita dukani, kwa hiyo hakuna anayekumbuka kuiandika. Inavyopasa, ununuzi huandikwa upande mmoja na nyongeza ya mtaji upande wa pili, kwa kiasi kilekile, na ujumbe wa muamala ukahifadhiwa kama stakabadhi.

Kuiandika fedha hiyo kama mauzo ili daftari likae sawa ni tiba mbaya kuliko ugonjwa. Kwa wafanyabiashara wadogo wa Tanzania wanaotozwa kodi ya makadirio, kodi hufuata mauzo ya mwaka. Anayeingiza akiba yake kwenye safu ya mauzo anajikadiria kodi juu ya fedha yake mwenyewe.

Kwa mfanyabiashara binafsi, kujikopesha hakuna maana kisheria, kwa kuwa yeye na duka lake ni mtu mmoja mbele ya mdai. Vitabu huwatenganisha kwa ajili ya hesabu tu. Kampuni ni jambo jingine: ni mtu anayejitegemea kisheria, na mwenye hisa anaweza kweli kuwa mkopeshaji wake. Hilo lilithibitishwa Uingereza katika kesi ya Salomon dhidi ya kampuni ya Salomon, iliyoamuliwa na Baraza la Malodi na kuingia katika ripoti za sheria za mwaka 1897. Aron Salomon, mtengenezaji wa viatu wa London, aliiuzia biashara yake kampuni aliyoiunda na familia yake. Sehemu ya malipo alipokea kwa hisa 20,000 za pauni moja moja, na sehemu nyingine kwa hati za mkopo wenye dhamana za pauni 10,000. Kampuni ilipofilisika, hisa zake hazikumpa kitu, lakini haki ya hati zile iliwekwa mbele ya wadai wasio na dhamana. Mtu alikuwa yuleyule. Karatasi mbili zilimpa nafasi mbili kwenye foleni.

Ndiyo maana mkurugenzi anayeingiza fedha kwenye kampuni yake huamua siku ileile kama ananunua hisa au anakopesha. Akikopesha, panatakiwa mkataba wenye kiasi, riba na tarehe ya kulipa, na azimio la bodi. Fedha iliyokaa miaka mitatu kwenye ukurasa wa mkopo wa mkurugenzi, bila mkataba wala rejesho hata moja, humfanya mkaguzi aulize maswali, na mara nyingi jibu linalotoka ni kwamba ilikuwa mtaji tangu mwanzo.