Kifungo Chenye Tarehe, Kizuizi Kisicho na Tarehe: Wahamiaji wa Ethiopia katika Pwani ya Bagamoyo

Tarehe 25 Januari 2021, akiwa Chato pamoja na mgeni wake Rais Sahle-Work Zewde wa Ethiopia, Rais John Magufuli alitangaza kwamba Waethiopia 1,789 waliokuwa katika magereza ya Tanzania kwa makosa ya uhamiaji wangesamehewa na kurejeshwa kwao. Vyombo vya habari viliieleza hatua hiyo kuwa ni msamaha wa wafungwa. Makala hii inaanza kwa kulitilia shaka neno hilo, kwa sababu mtu anayeshikiliwa gerezani baada ya kumaliza adhabu yake hana tena adhabu ya kusamehewa. Mamlaka ya Rais ya kusamehe, yaliyomo katika ibara ya 45 ya Katiba, yanahusu hukumu na adhabu. Hayaondoi hali ya mtu kuwamo nchini bila kibali, wala hayamkatii tiketi. Ili kuuelewa msamaha ule inatubidi kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo katika pwani ya Bagamoyo hutendeka ndani ya ukuta mmoja: kifungo cha jinai na kizuizi cha uhamiaji.

Katiba yenyewe inatupa njia ya kuyatenganisha. Ibara ya 15 inaruhusu mtu anyimwe uhuru wake kwa njia mbili tu. Ya kwanza ni pale sheria inapoweka mazingira na utaratibu wa kufanya hivyo. Ya pili ni katika kutekeleza hukumu, amri au adhabu iliyotolewa na mahakama. Mfungwa wa kawaida yumo katika njia ya pili. Mhamiaji anayesubiri kuondoshwa yumo katika ile ya kwanza. Tofauti hiyo inaonekana ndogo kwenye karatasi, lakini ndiyo inayoamua ni nani mwenye ufunguo wa mlango. Kwa mfungwa, mlango hufunguliwa na kalenda. Kwa mhamiaji, hufunguliwa na afisa anayepaswa kwanza kupata hati ya kusafiria, gharama ya safari na nchi iliyo tayari kumpokea mtu huyo.

Tuchukue mfano wa kubuni, lakini uliojengwa juu ya hatua za kawaida. Kijana kutoka kusini mwa Ethiopia anaelekea Afrika Kusini. Anavuka Moyale, anapita Nairobi hadi Mombasa, na kutoka hapo anaendelea ama kwa chombo cha baharini ama kwa gari kupitia Tanga. Mikoko na fukwe baina ya Saadani na Mlingotini zina bandari bubu zisizo na afisa, na barabara ya Makofia hadi Msata, tangu ilipotiwa lami, inamwezesha dereva kutoka kwenye barabara kuu ya kaskazini na kuingia Dar es Salaam kupitia Bagamoyo. Kijana wetu anakamatwa na wenzake katika nyumba moja nje ya mji. Hana pasipoti, hajui Kiswahili, na wakala aliyechukua fedha zake hayumo katika nyumba hiyo.

Anafikishwa Mahakama ya Wilaya na kushtakiwa chini ya Sheria ya Uhamiaji, Na. 7 ya mwaka 1995, kwa kuingia na kuwamo nchini isivyo halali. Hapa ndipo jambo la kwanza huweza kwenda kombo. Shtaka linasomwa kwa Kiswahili, mkalimani anatafsiri kwa Kiamhara, ilhali mshtakiwa lugha yake ya nyumbani ni Kihadiya au Kikambata. Anakiri kosa. Ni vigumu kwake kukana, maana uwepo wake mahakamani bila kibali ndio ushahidi wenyewe. Hakimu anaamuru alipe faini au atumikie kifungo, tuseme cha miezi 12. Hana fedha, kwa hiyo anakwenda gerezani akiwa na hati ya kifungo iliyosainiwa na hakimu.

Kuanzia siku hiyo hadi adhabu itakapoisha, kijana huyo ni mfungwa kama mfungwa mwingine yeyote, na kwa namna ya ajabu hicho ndicho kipindi ambacho haki zake ni wazi zaidi. Anaweza kukata rufaa. Sheria ya Magereza ya 1967 inampa punguzo la theluthi moja ya adhabu akiwa na mwenendo mzuri. Miezi 12 huwa 8, kwa hiyo akianza kutumikia tarehe 1 Machi, mkuu wa gereza anaweza kuandika kwenye kumbukumbu kwamba atatoka mwishoni mwa Oktoba. Nyapara anaijua tarehe hiyo, na yeye mwenyewe anaijua.

Tarehe ile ikifika, hati ya hakimu inakwisha nguvu. Hata hivyo, kijana haruhusiwi kutoka kwenda Bagamoyo mjini, kwa kuwa akipita tu langoni atakuwa ametenda tena kosa lilelile la kuwamo nchini bila kibali. Kwa mtazamo wa sheria ya uhamiaji yeye ni mhamiaji aliyepigwa marufuku, na mtu wa namna hiyo huweza kushikiliwa hadi aondoshwe. Hapo anabadilika hadhi bila kubadilisha kitanda. Theluthi ya punguzo haimhusu tena, maana hakuna adhabu ya kupunguza. Rufaa nayo haimsaidii, maana haipingi hukumu. Ubalozi unatakiwa uthibitishe kwamba ni raia wake kabla ya kutoa hati ya dharura ya kusafiria, na uthibitisho huo unaweza kuhitaji mawasiliano hadi kijijini kwao. Kisha inatafutwa nauli. Mara nyingi Shirika la Kimataifa la Uhamiaji ndilo lililogharimia safari hizo, kwa makundi, kadiri fedha za wafadhili zilivyopatikana. Kijana anaweza kukaa miezi 8 kwa ajili ya kosa na muda mrefu kuliko huo kwa ajili ya tiketi.

Kipimo kizuri cha hoja hii ni yule mwenzake aliyefanikiwa kulipa faini kwa fedha zilizotumwa na ndugu. Adhabu yake imekwisha siku ileile, naye hajawa huru. Anakabidhiwa kwa maafisa wa uhamiaji na, pasipo na kituo maalumu cha kuwaweka watu wa aina yake, anaweza kurudishwa katika gereza lilelile. Laiti kuondoshwa nchini kungekuwa sehemu ya adhabu, malipo ya faini yangekumaliza.

Kwa nini basi kuondoshwa kunaweza kufuata hukumu bila kuhesabiwa kuwa ni kumwadhibu mtu mara mbili? Jibu la wanasheria ni kwamba amri ya kuondosha mtu si adhabu bali ni uamuzi wa utawala kuhusu nani akae nchini. Hukumu ya jinai ni sababu ya uamuzi huo, au ushahidi wake. Kwa mgeni aliyekuwa na kibali halali cha ukaazi mnyororo ni mrefu kidogo: anatiwa hatiani kwa kosa lolote zito, kibali kinafutwa, uwepo wake unakuwa si halali, ndipo amri inatolewa. Raia aliyetenda kosa hilohilo akiwa naye kizimbani hurudi nyumbani akimaliza kifungo. Jibu hilo lina mantiki, ila kwa maoni yangu linamtazama zaidi anayeamuru kuliko anayeamriwa.

Historia inaonyesha kwamba mamlaka haya yalikuwa mikononi mwa watawala tangu mwanzo. Sheria ya Tanganyika ya mwaka 1921 ilimwezesha Gavana kumhamisha mtu aliyehesabiwa kuwa hatari kwa amani kutoka sehemu moja ya nchi hadi nyingine. Haikuwa sheria ya wageni. Mwenyeji wa pwani angeweza kuhamishiwa bara bila kesi ya jinai. Mwaka 1930 ikaongezwa sheria ya kuwafukuza nchini watu wasiotakiwa. Sheria ile ya 1921 ilirithiwa baada ya Uhuru, na ni mwaka 1988 tu ambapo Mahakama Kuu, katika shauri la Chumchua Marwa, Jaji Mwalusanya aliitamka kuwa kinyume cha Katiba. Mamlaka juu ya asiye raia, kwa upande wake, yaliwekwa kwanza katika sheria ya uhamiaji ya 1972, kisha katika ile ya 1995. Bagamoyo, ambako jengo la Ngome Kongwe limewahi kutumika kama kambi ya jeshi la Wajerumani na baadaye kama gereza, sasa wanaoshikiliwa kwa sababu hii wanatoka ng'ambo ya mipaka.

Mahakama za nje zimekwisha kukutana na swali la ukomo. Huko Uingereza, mwaka 1983, raia wa India aliyekuwa amefungwa kwa wizi alimaliza kifungo chake katika gereza la Durham na kuendelea kushikiliwa humo akisubiri kufukuzwa. Katika shauri hilo, linalojulikana kwa jina la Hardial Singh, jaji alikubali kwamba serikali ina mamlaka ya kumshikilia, lakini kwa lengo la kumwondosha tu, kwa muda unaostahili kwa lengo hilo, na huku maafisa wakishughulikia safari kwa bidii. Kizuizi kisichoelekea kwenye safari kinapoteza uhalali wake hata kama hakuna sheria inayotaja idadi ya siku.

Karibu zaidi na nyumbani lipo shauri la Penessis dhidi ya Tanzania, lililoamuliwa na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu jijini Arusha tarehe 28 Novemba 2019. Mlalamikaji alikuwa ametiwa hatiani kwa kuwamo nchini isivyo halali, na aliendelea kushikiliwa katika Gereza la Butimba, Mwanza, ilhali alidai tangu mwanzo kuwa yeye ni Mtanzania. Mahakama iliona kwamba haki yake ya uraia na haki yake ya uhuru vilivunjwa. Shauri hilo linafichua hatari ambayo mfano wa kijana wetu hauionyeshi: kizuizi cha uhamiaji kinategemea swali la uraia, na swali hilo likijibiwa vibaya hakuna ubalozi utakaompokea mtu wala tarehe itakayomtoa. Wiki moja kabla, tarehe 21 Novemba, Tanzania ilikuwa imewasilisha notisi ya kuondoa tamko lililowaruhusu watu binafsi kufungua mashauri moja kwa moja katika mahakama hiyo.

Kwa mtafiti anayeingia katika kumbukumbu za gereza, tofauti inaweza kutambuliwa kwa karatasi. Jalada la mfungwa lina hati ya kifungo ya mahakama yenye idadi ya miezi. Jalada la aliyezuiliwa linapaswa kuwa na amri nyingine, ya mamlaka ya uhamiaji, iliyotolewa kabla au siku ile hati ya kwanza ilipokwisha. Pakiwa na hati ya kwanza peke yake, na tarehe yake imepita, basi mtu huyo anashikiliwa nje ya njia zote mbili za ibara ya 15. Inafaa pia kutafuta barua za ubalozi, maana pengo kati ya barua moja na nyingine ndilo kipimo cha bidii ambayo jaji wa Durham aliidai. Majalada ya wale 1,789 yakisomwa kwa namna hiyo, yataonyesha ni wangapi walikuwa bado na adhabu ya kusamehewa mnamo Januari 2021, na ni wangapi walikuwa wakisubiri usafiri tu.