Bega linauma ukiinua mkono: ni kano, ni shingo au ni moyo?

Msimu wa kuchuma kahawa ukianza, kuanzia Nkwenda na Murongo hadi Kayanga na Omurushaka, malalamiko ya bega huongezeka. Mkono unakaa juu kwa saa nyingi ukivuta matawi, jioni unabeba ndoo ya maji au mkungu wa ndizi, na usiku bega linawaka. Wengi wetu tunakwenda duka la dawa, tunachomwa sindano ya maumivu, na kesho yake tunarudi shambani.

Mara nyingi hakuna kikubwa kinachoharibika. Lakini maumivu ya bega yanaweza kutoka sehemu tatu tofauti, na moja kati ya hizo inaweza kuua. Ndiyo maana leo tunaeleza namna ya kuzitofautisha.

Tuchukue mfano wa mama wa miaka 52, mkulima wa kahawa na migomba. Bega lake la kulia limemuuma kwa wiki tatu. Akichana nywele au akiinua kikapu, anasikia kama kisu. Usiku hawezi kulalia upande ule. Mikono ikiwa imeshuka na ametulia, haumii sana.

Maumivu ya kano

Mpira wa mfupa wa mkono hushikiliwa kwenye bega na misuli minne, na kila msuli unamalizikia kwenye kano, yaani kamba ngumu inayoshika mfupa. Kano ya juu inapita katika nafasi nyembamba chini ya mfupa wa bega. Kano hizo huchoka kwa kazi ya kuinua mkono mara nyingi, hasa baada ya miaka 40, na huanza kuuma.

Maumivu yake yana tabia zinazojulikana. Yanakaa upande wa nje wa mkono wa juu, na kwa kawaida hayavuki kiwiko. Ukiinua mkono kwa upande, mwanzoni hakuna shida. Ukikaribia usawa wa bega yanakukamata. Ukipita juu zaidi yanaweza kupungua.

Mwombe mtu wa nyumbani akuinulie mkono polepole huku wewe umeulegeza. Kama yeye anauinua vizuri kuliko unavyoweza mwenyewe, mara nyingi tatizo ni kano. Lakini kama hata yeye hawezi kuuinua, na mkono haugeuki kwenda nje, huenda bega limeganda. Hali hiyo huwapata sana watu wenye kisukari, hivyo ni vizuri kupima sukari.

Yule mama alipofanya hivyo, mwanawe aliuinua mkono mpaka juu, ingawa yeye mwenyewe alikwama katikati. Shingo yake haikuwa na tatizo, na alipopanda mlima hakusikia lolote. Hiyo ni picha ya kano.

Maumivu ya shingo

Mishipa ya fahamu inayokwenda mkononi hutoka kwenye uti wa mgongo, shingoni. Mshipa mmoja ukibanwa pale, ubongo unaona kama anayeumia ni bega au mkono.

Hapa maumivu huanzia shingoni au karibu na bapa la bega, kisha yanashuka na mara nyingi yanavuka kiwiko mpaka vidoleni, pamoja na ganzi au hisia kama ya sindano. Kuinua mkono si lazima kuongeze maumivu. Wengine hupata nafuu wakiweka kiganja juu ya kichwa. Lakini kugeuza shingo au kuangalia juu, kama unapotafuta kahawa kwenye matawi ya juu, huyaamsha.

Jaribu taratibu: inua uso, kisha inamisha kichwa upande unaouma. Maumivu yakishuka mkononi, shaka inakwenda kwenye shingo. Usifanye jaribio hili kama umeanguka au umepata ajali hivi karibuni.

Mkono ukipoteza nguvu, ukawa unaangusha kikombe, au miguu ikawa mizito na mkojo ukasumbua, usisubiri. Nenda hospitali siku hiyohiyo.

Maumivu ya moyo

Mishipa ya fahamu ya moyo na ile ya mkono huingia kwenye uti wa mgongo karibu mahali pamoja. Moyo ukikosa damu ya kutosha, ubongo unaweza kudhani ni bega, mkono, taya au mgongo unaouma. Mara nyingi ni upande wa kushoto, lakini upande wa kulia pia hutokea.

Tofauti kubwa ni hii: maumivu ya moyo hayafuati mwendo wa mkono. Ukiinua mkono na kuushusha, yanabaki vilevile. Ukibonyeza bega, hayaongezeki. Yanafuata kazi ya mwili mzima. Unapanda mlima na mzigo, kifua kinabana au bega linakuwa zito. Unakaa, na baada ya dakika chache yanapungua. Huyo anahitaji kuonwa na daktari haraka, hata kama sasa anajisikia vizuri.

Yakija mtu akiwa amepumzika, au yakiendelea zaidi ya dakika 15, pamoja na jasho baridi, kukosa pumzi, kichefuchefu au kizunguzungu, hiyo ni dharura. Wanawake, wazee na wenye kisukari wanaweza wasisikie kifua kabisa, wakasikia uchovu mkubwa na bega tu.

Mkalishe mgonjwa, asitembee. Tafuteni gari mara moja, msisubiri asubuhi. Kama hana mzio wa asprini, hana kidonda cha tumbo kinachotoka damu na hajatapika damu, atafune kidonge 1 cha miligramu 300. Mpelekeni kwenye hospitali yenye kipimo cha umeme wa moyo, na mkifika semeni wazi kwamba mnahofia moyo.

Hapa ndipo sindano ya diklofenaki inapotudanganya. Inaweza kupunguza maumivu kidogo na kuchelewesha safari, na dawa hiyo yenyewe huongeza hatari kwa mtu mwenye ugonjwa wa moyo. Inaumiza pia wenye vidonda vya tumbo na figo dhaifu.

Kama ni kano

Usifunge mkono kwa kitambaa siku nyingi, bega litaganda. Punguza kazi ya juu ya kichwa kwa wiki kadhaa: vuta tawi lishuke usawa wa kifua kabla ya kuchuma, na gawa mzigo mara mbili. Kwa mtu mzima asiye na ugonjwa wa ini, parasetamo vidonge 2 vya miligramu 500 vinatosha kwa wakati mmoja, lakini visizidi 8 kwa saa 24.

Kisha zoezi. Simama ubavu ukielekea ukuta, upande unaouma, kiwiko kimekunjwa na kimebana ubavuni. Sukuma ukuta kwa mgongo wa kiganja, taratibu, mkono usisogee. Shikilia sekunde 30, pumzika, rudia mara 5, kila siku. Maumivu madogo yanayoisha usiku huohuo yanakubalika. Yakiendelea hadi kesho, umesukuma kwa nguvu mno. Kano hupona polepole, hivyo hesabu wiki 6 hadi 12, si siku 3.

Mama wa mfano wetu akifuata hayo ataweza kulala upande ule kabla ya kuweza kubeba mkungu. Lakini aliyeanguka mtini na ghafla hawezi kuinua mkono, au mwenye bega lililovimba na homa, asianze zoezi. Aende hospitali kwanza.