“Without prejudice” na “subject to contract” katika barua pepe za majadiliano

“Without prejudice” na “subject to contract” ni maneno ya kisheria yanayoandikwa juu ya barua pepe pande mbili zinapojadiliana kumaliza mgogoro au kufikia biashara. Yamekomaa katika mahakama za Uingereza na kuenea katika nchi zilizorithi sheria zake, zikiwemo Kenya na Tanzania, ambako mawakili huyaacha kwa Kiingereza hata barua yenyewe ikiwa ya Kiswahili. Kwa kuwa huandikwa pamoja mara nyingi, wengi huyachukua kuwa kitu kimoja. Sivyo. La kwanza, yaani bila kuathiri haki, huzuia yaliyosemwa yasifike mbele ya hakimu. La pili, yaani hadi mkataba usainiwe, huzuia yaliyokubaliwa yasigeuke mkataba kabla ya wakati wake. Aliyeandika la kwanza akitegemea kinga ya la pili anaweza kufungwa na ahadi aliyodhani bado anaijadili.

Mfano mmoja unatosha kuonyesha tofauti hiyo. Mkandarasi amejenga ghala na anadai malipo ya mwisho ya shilingi milioni 48. Mwenye ghala anasema paa linavuja na kwamba deni halali halizidi milioni 20. Baada ya wiki kadhaa za kuvutana, mwenye ghala anatuma barua pepe hii:

```
Mada: WITHOUT PREJUDICE - Madai ya ujenzi wa ghala

Bila kukiri kudaiwa, tuko tayari kulipa Sh 32,000,000
ndani ya siku 30 ili madai yote yaishe.
```

Mazungumzo yakivunjika na mkandarasi akafungua kesi, hataruhusiwa kumwonyesha hakimu barua hiyo na kusema kwamba mdaiwa mwenyewe aliona milioni 32 ni haki. Bila kinga hiyo, kiasi hicho kingesomwa kama kukiri, na hoja ya paa linalovuja ingeanza kesi ikiwa imeshadhoofika. Ndiyo sababu ya kanuni hii: watu wakijua kwamba kila ofa ya suluhu itatumika dhidi yao, hakuna atakayetoa ofa. Nchini Kenya kanuni imo katika kifungu cha 23 cha Sheria ya Ushahidi, Sura ya 80. Sheria ya Ushahidi ya Tanzania, Sura ya 6, ina kanuni ya namna hiyohiyo, kwani sheria zote mbili zimefuata mfano wa Sheria ya Ushahidi ya India ya mwaka 1872. Katika mashauri ya madai, kukiri hakuthibitishwi mahakamani kama kulifanywa kwa sharti la wazi kwamba kusitolewe ushahidi, au katika mazingira yanayoonyesha kuwa pande zote zilikubaliana hivyo.

Maneno hayo kuhusu mazingira yana uzito kuliko kichwa cha barua. Barua isiyo na maandishi yoyote juu yake inaweza kulindwa ikiwa ni wazi kwamba ilikuwa sehemu ya kutafuta suluhu. Kwa upande mwingine, kubandika “WITHOUT PREJUDICE” juu ya barua ya kawaida ya kudai malipo, au juu ya taarifa ya kuvunja mkataba, hakuipi kinga yoyote. Wapo wanaoyaweka maneno hayo kwenye kila barua pepe wanayotuma, hata ya kupanga kikao. Mazoea hayo hayana faida, tena huleta ubishi baadaye kuhusu barua ipi hasa ilikuwa ya suluhu.

Sharti kubwa ni kuwepo kwa mgogoro. Katika shauri la Bradford & Bingley dhidi ya Rashid, lililoamuliwa na Baraza la Malodi la Uingereza mwaka 2006, mkopaji ambaye nyumba yake iliuzwa na mkopeshaji alibaki na deni. Kwa niaba yake ziliandikwa barua zilizotaja deni hilo bila kulipinga, zikieleza ugumu wa kulilipa na kuomba unafuu. Mkopeshaji alipokwenda mahakamani, alizitumia kama uthibitisho wa deni uliofanya muda wa ukomo wa madai uanze kuhesabiwa upya. Mahakama ilikubali zipokelewe, kwa kuwa hapakuwa na ubishi wowote wa kusuluhisha. Mkopaji alikuwa akizungumzia namna ya kulipa tu. Katika mfano wa ghala, mwenye ghala anayeandika kuwa anadaiwa milioni 48 zote ila anaomba miezi sita yuko katika hatari hiyo, hata akiandika maneno ya kinga kwa herufi kubwa.

Kinga ikishakuwepo ni mali ya pande zote mbili. Aliyeandika barua hawezi kuiondoa peke yake, wala aliyeipokea hawezi kuiambatisha kwenye kiapo chake kwa kuwa tu imemfaa. Tena haiishi mgogoro unapomalizika. Katika Rush & Tompkins dhidi ya Greater London Council, mwaka 1988, mkandarasi mkuu alikuwa amesuluhishana na mwenye mradi; mkandarasi mdogo, ambaye madai yake yalitokana na mradi huohuo, akataka kuona barua za suluhu hiyo ili ajue kazi yake ilithaminiwa kwa kiasi gani. Baraza la Malodi lilimkatalia. Kwa barua pepe hatari iko kwenye mnyororo wa majibu: mtu hujibu jambo la kawaida chini ya barua ya suluhu, na siku ya kuandaa vielelezo mnyororo mzima huingia kwenye faili la mahakama. Njia salama ni kutenganisha tangu mwanzo, barua moja ya suluhu na nyingine ya mambo ya wazi, kila moja na mada yake.

Hata hivyo kinga ya “without prejudice” ina mlango mmoja mpana. Hakimu ataziangalia barua hizo pale swali linapokuwa kama suluhu yenyewe ilifikiwa. Tuseme mkandarasi anajibu kwa neno moja, “Tumekubali.” Hapo ofa imekubaliwa na mkataba umeshafungwa. Mwenye ghala akidai kesho yake kwamba bodi yake haijaidhinisha, au kwamba alitaka mkandarasi azibe paa kwanza, amechelewa. Mkandarasi ataonyesha barua zote mbili na kudai milioni 32. Mahakama ya Rufani ya Uingereza iliamua hivyo mwaka 1969 katika Tomlin dhidi ya Standard Telephones and Cables. Mfanyakazi aliyeumia na kampuni ya bima walikuwa wamekubaliana, katika barua zenye maneno “without prejudice”, kugawana lawama nusu kwa nusu, huku kiasi cha fidia kikibaki cha kujadiliwa. Barua hizo zilisomwa mahakamani na mgawanyo huo ukawa wa lazima.

Hapa ndipo “subject to contract” inapofanya kazi yake. Maneno haya hayafichi chochote. Yanasema kwamba yanayokubaliwa katika barua hayamfungi yeyote hadi hati rasmi isainiwe, na kwamba kila upande unaweza kujitoa hadi wakati huo. Kama barua ya mwenye ghala ingekuwa na kichwa “WITHOUT PREJUDICE AND SUBJECT TO CONTRACT”, jibu la “Tumekubali” lingekuwa hatua tu kuelekea hati, na masuala ya bodi na ya paa yangeingizwa humo.

Uimara wa maneno hayo ulionekana mwaka 2020 katika Joanne Properties dhidi ya Moneything Capital. Mgogoro ulihusu mkopo uliowekewa dhamana ya jengo lililoko London. Jengo lilikubaliwa kuuzwa na pauni 140,000 zitengwe hadi ijulikane nani anapata nini. Mawakili wa pande mbili walijadili mgawanyo huo kwa kuandikiana, na barua zilikuwa na maneno yote mawili. Walipofika kwenye kiasi kimoja, upande mmoja ukadai kwamba suluhu imekamilika, na jaji wa kwanza akakubali. Mahakama ya Rufani ilitengua uamuzi huo. Ilieleza kwamba mazungumzo yakianza kwa “subject to contract”, hali hiyo huendelea hadi mwisho hata kama barua ya katikati haikurudia maneno, isipokuwa pande zote zikubali kwa uwazi kuiondoa, au kukubali huko kuonekane bila shaka yoyote. Kukubaliana kiasi cha fedha hakutoshi. Palikosekana hati ambayo wote walijua ilipaswa kufuata.

Kinachoivunja kinga hii ya pili mara nyingi ni vitendo. Katika RTS Flexible Systems dhidi ya Müller, shauri lililoamuliwa na Mahakama ya Juu Zaidi ya Uingereza mwaka 2010, kampuni ilikubali kumjengea mtengeneza mtindi mashine za kufungasha kwa pauni 1,682,000. Rasimu ya mkataba ilisema haitakuwa na nguvu hadi isainiwe na pande mbili zibadilishane nakala. Haikusainiwa kamwe, lakini kazi ilifanyika, malipo yakatolewa, hata masharti yakarekebishwa kana kwamba mkataba upo. Mahakama iliona kwamba kwa mwenendo huo pande zote ziliachana na sharti la kusaini. Mwenye ghala anayesisitiza “subject to contract” huku akilipa awamu ya kwanza ya zile milioni 32 anajidhoofisha mwenyewe. Malipo yanayopaswa kutoka kabla ya hati yaambatane na maelezo ya maandishi kwamba ni ya muda, na kama mazungumzo yakikwama yatahesabiwa vipi.

Kuna pia namna ya tatu, “without prejudice save as to costs”, iliyopewa nguvu na shauri la Calderbank la mwaka 1975. Ofa ya namna hii hufichwa wakati wa kesi yenyewe, kisha huonyeshwa baada ya hukumu ili hakimu aamue nani abebe gharama. Mkandarasi aliyekataa milioni 32 zilizotolewa hivi, kisha akapewa milioni 27, anaweza kujikuta akilipa gharama za upande wa pili tangu siku alipokataa. Anayetaka ofa yake itumike pia kumsukuma mpinzani, isiwe ya kujilinda tu, ndiye anayehitaji namna hii, na ataongeza “subject to contract” au kuiacha kulingana na kama yuko tayari kufungwa mara tu ofa inapokubaliwa.

Makubaliano yakikamilika, vichwa vyote viwili huondolewa. Hati ya suluhu huandaliwa safi, husainiwa na wenye mamlaka ya kusaini, na kama kesi imeshafunguliwa huwasilishwa mahakamani ili isajiliwe na kutolewa tuzo. Nchini Tanzania hilo hufanyika chini ya Amri ya XXIII, kanuni ya 3, ya Sheria ya Mwenendo wa Madai. Nakala ya mwisho iliyosainiwa huku juu yake bado pameandikwa “subject to contract” huzua kesi mpya, safari hii kuhusu kama suluhu yenyewe ipo.