Dashibodi: Chati Tatu Zinamtosha Meneja

Dashibodi ni ukurasa mmoja wa kompyuta au simu unaoonyesha hali ya kazi kwa takwimu chache zinazojisasisha zenyewe. Neno limetoka kwenye gari: dereva wa matatu ya Umoja huitupia jicho geji ya mafuta na ya joto la injini, kisha akaendelea na safari. Jedwali ni tofauti. Hilo huhifadhi kila namba, nalo husomwa kwa kutulia.

Tuchukue mfano wa duka la mitumba la Buruburu linalouza kupitia Instagram na kupeleka nguo Donholm na Kayole. Kila usiku programu ndogo huchota takwimu za akaunti na kuongeza mstari mmoja wenye tarehe katika Google Sheets. Looker Studio huzisoma na kuzichora. Kwa kuwa takwimu ni nyingi, fundi hushawishika kuchora zote. Afadhali aanze na maswali ya meneja: je, tunaonekana, tunapanda au tunashuka, na nguo gani inawafanya watu waulize?

Swali la kwanza linajibiwa na tarakimu moja kubwa: watu waliofikiwa wiki hii. La pili linataka grafu ya mstari ya wiki 12. La tatu linataka chati ya pau ya posti tano zenye maoni mengi, mhimili ukianzia sifuri. Ukianzia 90, pau ya maoni 100 itaonekana ndefu mara mbili ya ile ya 95.

Hiyo tarakimu kubwa ina mtego. Mteja wa Kayole akiona posti Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, huhesabiwa mara moja kila siku. Ukijumlisha siku hizo unapata watu watatu, ilhali ni mmoja. Kwa hiyo idadi ya wiki ichotwe Instagram ikiwa ya wiki nzima, isijumlishwe kutoka kwa siku.

Mtego wa pili uko kwenye kujisasisha. Ruhusa ya muda mrefu ya kuchota takwimu za Instagram hudumu siku 60. Isipohuishwa, programu hushindwa, mistari mipya haiandikwi, na grafu hukatika kimyakimya. Meneja atadhani wateja wamehama. Ikiwa tarehe ziko safu ya A, fomula hii huonyesha siku zilizopita tangu takwimu za mwisho ziingie:

```
=TODAY()-MAX(A2:A)
```

Jibu lake liwekwe juu ya ukurasa. Likizidi 2, meneja asiamue lolote kwa chati hizo. Ampigie fundi kwanza.

Kabla ya kuongeza chati ya nne, muulize meneja atafanya nini ikipanda na atafanya nini ikishuka. Akikosa jibu, iache kwenye jedwali.