Bando Zimeisha Lakini Tivi Inacheza: Historia Fupi ya Kompyuta Kuongea na Sebule

Wasee, kuna kitu kimoja watu wengi wa Nairobi hawajawahi kuambiwa. Waifai ya nyumbani na intaneti si kitu kimoja. Ukikatiwa intaneti saa hii, ruta yako bado iko hai, na bado inaweza kubeba video kutoka kwa laptopu hadi kwa tivi bila kula hata kilobaiti moja ya bando. Hiyo njia imekuwepo miaka ishirini na kitu. Swali ni mbona hatuitumii, na jibu liko kwa historia.

Turudi nyuma kidogo. Kabla kebo za baharini kufika Mombasa mwaka wa 2009, intaneti ya Kenya ilitegemea setilaiti, na bei yake ilikuwa noma. Hakuna mtu alikuwa anafikiria kutazama muvi mtandaoni. Video ilisafiri kwa mkono. Ulienda kwa duka la muvi, ukachomewa diski. VCD moja ilibeba kama dakika 80, kwa hivyo muvi ndefu ilikuja na diski mbili, na lazima mtu aamke katikati abadilishe. Baadaye ikaja flashi, lakini flashi nyingi zilikuwa zimefomatiwa FAT32, ambayo haikubali faili moja ifike GB 4. Ndio maana video ya harusi ya anti yako ilikatwa vipande vipande.

Wakati sisi tunabeba flashi, kampuni kubwa zilikuwa na mpango mwingine. Mwaka wa 2003, Sony, Intel na wenzao waliunda kikundi ambacho mwaka uliofuata kiliitwa DLNA. Wazo lao lilikuwa rahisi. Kompyuta inapiga kelele ndani ya nyumba: "Niko hapa, nina video na muziki!" Tivi inasikia, inaomba orodha, unachagua, halafu tivi inavuta faili kidogo kidogo huku inacheza. Hakuna akaunti wala paswadi. Kama tivi yenu ni ya kuunganishwa na waifai, kuna uwezekano mkubwa hiyo kitu iko ndani, na hakuna mtu amewahi kuigusa.

Sasa shida ilianzia wapi? Sheria za DLNA zililazimisha fomati chache tu. Kwa video ilikuwa MPEG-2, ile ya enzi za DVD. Zingine zote kila kampuni ilijiamulia. Kwa hivyo tivi ingeona jina la faili yako ya MKV vizuri kabisa, halafu ukibonyeza inakuambia haiwezi kuicheza. Watu walijaribu mara moja, wakakasirika, wakarudi kwa flashi.

Waliookoa hii stori ni watu waliokuwa wanaandika programu kwa mapenzi yao. Upande mmoja, kuna waliovunja kufuli za ile Xbox ya kwanza mwaka wa 2002 wakaifanya icheze karibu kila fomati. Mradi wao ukakuwa XBMC, na tangu 2014 unaitwa Kodi. Hawa walisema akili iwe kwa kile kifaa kiko kando ya tivi. Upande wa pili, mwaka wa 2008 ikatokea PS3 Media Server, ambayo ilisema akili iwe kwa kompyuta. Kama tivi haielewi faili, kompyuta inaitafsiri palepale huku unatazama. Jellyfin, ambayo ni ya bure na ilizaliwa Desemba 2018, inafuata hiyo njia ya pili.

Lakini kufikia hapo upepo ulikuwa umegeuka. Netflix ilifungua Kenya Januari 2016, faiba ikaingia mitaa, na mwaka wa 2017 DLNA wenyewe wakafunga ofisi. Kila mtu akaamini kila kitu kiko mtandaoni. Manze, kanda ya harusi ya mathe haiko Netflix. Haitawahi kuwa.

Sasa cheki vile hii kitu inafanya kazi, na vile inakwama, kwa nyumba ya kawaida ya Spring Valley. Hizi nyumba za zamani kando ya Lower Kabete Road ni za mawe, ukuta mnene. Faiba inaingia mbele, ruta inakaa kwa korido, na waifai ikifika sebule ya nyuma imechoka. Kwa hivyo mtu ananunua ruta ya pili, anaivutia kebo kutoka ile ya kwanza, na tivi inashika hiyo mpya. Netflix inacheza poa. Lakini ukiwasha seva kwa laptopu yako, tivi haioni kitu.

Sababu ni kwamba hiyo nyumba sasa ina mitandao miwili. Ingia kwa mipangilio ya tivi uangalie anwani yake. Kama laptopu ni 192.168.1.20 na tivi ni 192.168.0.15, umepata mchawi. Ile kelele ya DLNA haivuki ruta, inaishia mlangoni. Dawa ni kuingia kwa ruta ya pili na kuiweka kwa "Access Point mode". Kama haina hiyo, zima DHCP yake, ipe anwani isiyogongana na ya ruta ya kwanza, halafu hamisha kebo kutoka WAN uiweke kwa tundu la LAN. Zima na uwashe tivi. Sasa zote zitaanza na 192.168.1, na zitasikiana.

Ukiwa na haraka, kuna njia ya mkato. Tivi iliyo nyuma ya ruta ya pili inaweza kutoka nje kumtafuta mtu, bora ijue anwani. Kwa hivyo fungua Jellyfin kwa tivi, uandike mwenyewe `http://192.168.1.20:8096`. Hiyo kawaida inashika. Lakini kama ni laptopu iko nyuma ya ruta ya pili na tivi iko mbele, haitafanya, kwa sababu mlango unafunguka upande mmoja tu.

Tuseme sasa zinaonana, lakini video inazunguka tu. Angalia kama feni ya laptopu inapiga kelele, halafu fungua "Dashboard" ya Jellyfin. Ikisema "Transcoding", kompyuta iko kwa kazi ya kutafsiri na imelemewa. Video za simu za siku hizi mara nyingi ni HEVC, na tivi za zamani hazijui hiyo lugha. Tafsiri faili mara moja usiku, badala ya kila ukitazama:

```
ffmpeg -i harusi.mov -c:v libx264 -crf 20 -pix_fmt yuv420p -c:a aac harusi.mp4
```

Kama inasema "Direct Play" na bado inakwama, basi ni ukuta. Video ya megabiti 8 kwa sekunde inameza GB 3.6 kwa saa moja, na waifai iliyopita mawe mawili inaweza kushindwa. Vuta kebo kati ya laptopu na ruta, hata kwa jioni moja tu, na ikikaa sawa umepata jibu.

Maoni yangu ni haya. Hatukuacha hii njia kwa sababu ni mbaya. Tuliiacha kwa sababu waliotuuzia tivi hawakukubaliana lugha, halafu wakaja wengine wakatuuzia usajili wa kila mwezi. Lakini sauti ya shosho, gradu ya bro, na ile kanda ya VHS inayoendelea kuharibika kwa kabati, hizo zinahitaji tu mtu wa hiyo nyumba azitoe, aziweke kwa folda moja, na awashe seva. Na mkizitazama, hata kama faiba imekatwa, hakuna atakayejua.